Hatua Isiyokuwa Ukutani

Kuna watu hujulikana kwa uimbaji na wengine kwa mapishi. Mimi, kuanzia Isebania mpakani hadi vituo vya afya vya Homa Bay, najulikana kwa kuvaa na kuvua. Nikishuka kwenye pikipiki na begi langu jeusi, wahudumu huambiana kwamba sista wa magauni amefika, na leo hakuna chai mpaka kila mtu avue sawasawa. Utani huo haukuwahi kunikasirisha. Ulinipendeza, tena sana, na huko kupendezwa ndiko kulikonifikisha kwenye aibu ninayotaka kuieleza.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni Kegonga, ambako mama yangu alilima mahindi na kunichapa kwa mwiko nikiacha sufuria na masizi chini. Nimerithi kwake ukali na kupenda mambo yaliyonyooka. Korona ilipoingia nilikuwa nikifanya kazi katika hospitali moja ndogo karibu na Muhuru Bay. Nilichaguliwa niende mafunzo ya siku tano, nijifunze namna ya kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga, kisha nirudi niwafundishe wenzangu. Nilirudi na cheti, begi jeusi, na chati kubwa ya Kiingereza yenye picha ndogo ndogo. Chati niliibandika ukutani na cheti nikakiweka kwenye fremu.

Darasa la kwanza lilikuwa na watu kumi na wawili: wauguzi, mtu wa maabara, mlinzi wa lango, na wasafishaji wawili. Nilifungua kwa methali, kama kawaida yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaambia, na hapa maana yake ni hiyo hiyo ya nguo. Walicheka. Niliwaambia kwamba kuvaa kuna kazi yake, lakini kuvua ndiko kunakoumiza watu. Unapovaa, kila kitu bado ni safi, huna haraka, na kioo kiko mbele yako. Unapovua umechoka, jasho linakuingia machoni, unatamani hewa, na uchafu umekupaka mbele yote bila wewe kuuona.

Nikavaa mbele yao, nikitaja kila hatua. Kwanza unavua pete, saa na bangili, simu unaiacha nje, nywele unazifunga. Unakagua gauni kama limepasuka. Unanawa. Gauni linafungwa shingoni na kiunoni, kwa nyuma. Kisha barakoa, mkanda mmoja juu ya kisogo na mwingine chini ya masikio, unabana kile chuma kwenye mwamba wa pua, unapuliza uone kama hewa inatorokea pembeni. Miwani inafuata. Glavu ni za mwisho, nazo lazima zifunike mikono ya gauni, kusibaki ngozi hata ya upana wa kidole.

Kuvua ni kwa mpango mwingine. Glavu ndizo chafu zaidi, basi zinatangulia. Unafinya ya kwanza kwa nje na kuivua ikijigeuza, unaikunja ndani ya kiganja cha mkono wenye glavu iliyobaki, kisha unaingiza kidole kitupu chini ya ile ya pili, upande wa ndani, unaisukuma itoke. Unanawa. Gauni unalifungua nyuma, unalishika kwa ndani mabegani, unalivuta likijigeuza, na kulikunja mbali na kifua chako. Unanawa tena. Unatoka chumbani na kufunga mlango. Miwani inatolewa kwa kushika mkanda wa nyuma. Unanawa. Barakoa ni ya mwisho kabisa: mkanda wa chini, kisha wa juu, umeinama kidogo, na sehemu ya mbele huigusi hata ikikuwasha. Unanawa kwa mara ya mwisho.

Makosa yao niliyaona yote, na ulimi wangu haukumwacha mtu. Muuguzi mmoja alikumbatia gauni chafu kifuani alipokuwa akilikunja, nikamuuliza kama ni mtoto wake. Mlinzi alivuta glavu kwa vidole hadi ikalia pwaa, nikamwambia ameturushia sisi wote. Mtu wa maabara alifuta jasho la paji la uso kwa mkono wa gauni. Mwingine aliita chati ukutani iwe shahidi kwamba hajaruka kunawa, na chati ikamkana.

Aliyekaa mbele kabisa alikuwa mmoja wa wasafishaji, mama mjane aliyenizidi umri kwa miaka kumi na tano hivi. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, pale ufukweni. Hospitali ilimpa mkataba wa miezi sita sita, na kwa mkataba ule alikuwa anaheshimika: watu wa ufuoni walimwita daktari kwa utani, naye alikataa kwa maneno lakini si kwa uso. Kiingereza cha chati hakikumfaa kitu. Aliitazama mara moja tu, akaipa kisogo.

"Rudia, sista," aliniambia. "Mimi naangalia."

Nikarudia. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na watu wakalalamika kwamba hawanisikii. Isitoshe, Kiswahili kule ndiyo lugha inayotukutanisha, wao wakitoka kwa Kijaluo na mimi kwa Kikuria, na mtu asiyesikia vizuri hutaka angalau kukuona mdomo. Kwa hiyo nilishusha barakoa kidogo, nikatangaza kwamba sasa tunaanza kuvua, nikairudisha juu, tukaendelea. Yule mama aliniomba nirudie mara nne. Wengine waliguna kwa kutaka chai. Mara ya nne alisema "ero kamano", asante, akasimama akavaa na kuvua mwenyewe.

Nilikuwa nimegeuka kumgombeza mlinzi kuhusu glavu zake. Nilipomrudia mama yule alikuwa ameshafika kwenye miwani, na miwani aliitoa vizuri. Nikampigia makofi.

Kuna jambo moja la darasa lile ambalo sikulifanya. Kule mafunzoni tulifundishwa kwamba mwanafunzi apakwe rangi kwenye glavu kabla ya kuvua, ili akimaliza atafute mwilini rangi imebaki wapi. Rangi inachukua nafasi ya maradhi. Mimi niliona kazi hiyo itachafua magauni machache tuliyopewa na kunichelewesha kufua. Nikajiambia macho yangu yanatosha.

Korona ilifika kwetu kweli kweli, wadi moja ikatengwa. Utaratibu ulikuwa kwamba hakuna anayevua peke yake. Mwenzako anasimama upande wa pili wa dirisha, anataja hatua moja moja, na wewe unafuata. Mara nyingi niliyesimama dirishani nilikuwa mimi. Nilikuwa na daftari langu, na kila kosa nililoliona niliandika.

Alasiri moja mama yule alimaliza kupiga deki wadini. Alikuwa na glavu nzito za msafishaji na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, jasho limemlowesha hadi kope. Aliosha gambuti kwa klorini kama tulivyokubaliana, akasimama wima mbele ya dirisha akiningoja. Kabla sijataja kitu, aliinua mkono wa kushoto, bado una glavu, akafinya barakoa kwa mbele, akaishusha hadi kidevuni, akavuta pumzi, akairudisha.

Niligonga kioo kwa kiganja.

"Mama, unafanya nini? Unataka kufa?"

Alishtuka, akatazama mkono wake, akanitazama mimi. Nilimwamuru avue glavu na kunawa, kisha nikampitisha hatua zilizobaki kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Nje nilimpa maneno mengine mbele ya watu wawili waliokuwa wakipita. Alisema tu, "Sawa, sista." Niliandika saa na kosa daftarini, na nikajiona mlinzi hodari.

Siku ya nne akaanza kukohoa.

Alilazwa kwenye wadi ile ile aliyokuwa akiisafisha. Aliwekewa oksijeni kwa siku kadhaa. Nilimhudumia vizuri, hilo siwezi kujinyima. Lakini hata nilipokuwa nikimgeuza kitandani nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtu ambaye kazi yake nzuri imeharibiwa na mwingine. Nilikuwa nimewaambia wakubwa kwamba hakuna mtumishi wangu atakayeugua.

Alipona, ingawa kifua chake hakikurudi kuwa kile cha zamani. Kamati ndogo ya hospitali ikakaa ili ijue alivyoambukizwa. Tulikuwa matroni, afisa tawala, mimi na yeye. Korona wakati huo ilikuwa sokoni, kanisani na matangani, na mtu mwenye busara angesema haijulikani aliipata wapi. Mimi nilikuwa na daftari. Nilisoma siku, saa na kosa.

Matroni alimgeukia kwa upole. "Mama, kwa nini ulishusha mask na glavu?"

Yule mama alinitazama, si matroni. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, nami niliurudisha mtazamo wake nikiwa na cheti changu kichwani. Kisha akatazama mikono yake juu ya mapaja.

"Sijui," alisema.

Ripoti niliandika mimi, kwa Kiingereza. Naijua kwa moyo hadi leo, hasa sentensi ya mwisho: "Mtumishi huyu hakuwa makini darasani." Matroni aliisoma kwenye kikao cha Jumatatu mbele ya wafanyakazi wote, iwe funzo. Mkataba wake ulipokwisha haukuandikwa tena, akarudi kwenye omena. Nilisikia kwamba kwa miezi kadhaa akina mama wenzake walikuwa hawanunui kwake, wakisema alileta korona kwa uchafu wake. Nilihuzunika, lakini ilikuwa huzuni ya mtu aliyeko upande wa haki, na hiyo haikunyimi usingizi.

Miaka ilipita. Korona ikatulia na ugonjwa wa mpox ukaja, malori yakipita mpakani usiku na mchana, na begi langu jeusi likapata kazi tena. Safari hii nilitumwa upande wa Homa Bay, kwenye kituo cha afya kilichoko kilimani juu ya ziwa. Darasa lilikuwa la watu tisa. Muuguzi kijana wa pale alikuwa amesoma mambo haya chuoni, naye akauliza kwa heshima kama hatungeweza kufanya jaribio la rangi.

Nilitaka kusema kwamba rangi hatuna. Mpishi wa kituo alikuwa darasani, akasema masizi ya sufuria yapo ya kutosha. Tukayakwangua, tukachanganya na vaselini kwenye kifuniko cha kopo, tukapata rangi nyeusi tii ambayo mama yangu angeniua kwa ajili yake.

"Mwalimu aanze," mmoja alisema, na wote wakaunga mkono. Nilicheka. Nilivaa nikitaja hatua, wakanipaka masizi viganjani, juu ya glavu. Nikaonyesha, nikavua, nikanawa, nikatupa, na mara moja nikageukia wanafunzi wangu bila kujitazama. Kioo chetu, kama katika vituo vingi, kilikuwa upande wa kuvaa. Upande wa kuvua hatukuwa nacho.

Walifuata mmoja mmoja, mimi nikitazama glavu na magauni. Baada ya mtu wa tisa niliwapanga mstari karibu na dirisha, penye mwanga. Nilitegemea kukuta masizi kifuani kwa yule, kifundoni kwa huyu, na yalikuwapo. Lakini kulikuwa na jingine. Watu saba kati ya tisa walikuwa na doa chini ya mdomo, upande wa kushoto wa kidevu, doa la ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mahali pamoja kwa wote.

"Hii ni nini?" niliuliza. Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Nani aliwaambia mguse uso na glavu?"

Walitazamana. Mpishi, ambaye naye alikuwa na doa lake, ndiye aliyejibu, akiwa na hakika kabisa ya jambo analolisema.

"Hapo si ndio tunapumzisha pua, sista?"

"Mnapumzisha nini?"

"Pua. Kabla ya kutoa glavu. Unateremsha mask kidogo, unapata hewa, unarudisha. Ndio uanze kuvua."

"Nani kawafundisha hivyo?"

Yule muuguzi kijana, mmoja wa wawili waliokuwa na kidevu safi, alisema polepole, "Sista, hata wewe uko nayo."

Nilikwenda kwenye kioo cha upande wa kuvaa. Doa lilikuwepo kidevuni, upande wa kushoto, jeusi tii.

Sina namna nzuri ya kueleza dakika ile. Nilisimama nikiwapa mgongo, na katika kioo niliwaona nyuma yangu wakiwa na madoa yao, wakiningoja niwaambie la kufanya. Lakini niliyemwona hasa hakuwa mmoja wao. Nilimwona yule mama msafishaji akiwa mbele ya dirisha la wadi, ameinua mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, kwa sababu mimi natumia kushoto. Yeye alikuwa mtu wa kulia.

Hapo ndipo nilipoelewa alivyonitazama kwenye kamati. Aliulizwa kwa nini alifanya vile, na jibu lilikuwa limekaa kiti cha pili kutoka kwake, limeshika daftari. Asingeweza kulisema. Mtu wa heshima zake hamwambii mwalimu mbele ya wakubwa kwamba wewe ndiwe uliyenionyesha. Akachagua kuitwa mzembe.

Nyani haoni kundule. Nimeitumia methali hiyo kwa wengine mara nyingi, na huwa inachekesha.

Niliwaambia wale tisa ukweli kuhusu doa. Niliwaambia kwamba kupumzisha pua hakuko kwenye chati wala popote, kwamba ni tabia yangu mwenyewe ya kutaka kusikika, na kwamba glavu chafu ikigusa barakoa unaibandika hatari karibu na mdomo, kisha unaifungulia mlango. Tukaanza upya. Mara hii nilimpa yule kijana aseme hatua kwa sauti, mimi nikavua kimya. Mkono wangu uliinuka wenyewe mara mbili, na mara zote mbili akaniambia "Mkono, sista." Kuhusu yule mama sikuwaambia. Nilidhani ninasubiri kumwambia yeye kwanza. Nadhani pia niliogopa.

Ilinichukua wiki mbili kwenda Muhuru. Nilitumia muda huo kuandika barua, na niliiandika kama waoga wanavyoandika: kulikuwa na "mapungufu katika utaratibu wa ufundishaji" na "hali zilizochangia". Niliichapisha, nikaitia kwenye bahasha ya kaki.

Nilimkuta ufukweni akigeuza omena juu ya wavu uliotandazwa mchangani. Alikuwa amepungua. Alisimama mara mbili kupumua kabla hajanifikia. Nilimsalimu kwa Kijaluo changu kibovu, naye akaitika, akanipindulia ndoo nikalie. Yeye alikaa kwenye gunia. Tulizungumza kwanza habari za watoto wake, mama yangu, na bei ya mafuta ya taa, kwa sababu hakuna mtu anayeanza na neno zito kabla ya kuuliza nyumbani.

Kisha nikamwambia. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikafika kwenye doa. Nilimwambia kwamba mkono ule ulikuwa wangu, yeye alinifuata tu. Nilimwambia kwamba sijui kama korona aliipata kwa sababu ya kitendo kile, hakuna atakayejua, lakini lawama niliyoiandika najua ilikuwa ya nani. Nikasema naona aibu. Nikasema samahani, mama.

Alichukua omena mmoja, akamvunja kuona kama amekauka, akamtupia bata.

"Nilijua," alisema. "Siku ile tu kwa mkutano, nilijua ni wewe. Lakini nikasema labda kuna mahali sista anafanya na mimi sifai kufanya. Wewe umesoma."

Nilimpa bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, akanirudishia.

"Nisomee."

Nikasoma. Niliyasikia maneno yangu yakitoka na kuanguka mchangani, mapungufu, utaratibu, hali zilizochangia. Alisikiliza hadi mwisho kwa umakini ule ule wa siku ya mvua.

"Hiyo haina mtu ndani," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa na mimi. Ilisema nini juu yangu? Matroni alisoma kwa Kiingereza, mimi nikashika kidogo tu."

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilimwambia sentensi ile kwa Kiswahili, na ilikuwa mbaya zaidi kuisema kwa Kiswahili.

"Kwamba sikuwa makini."

"Ndiyo, mama."

Akaenda kwenye ndoo nyingine yenye maji, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kati ya vidole, chini ya kucha, akaikung'uta. Akasimama mbele yangu pale mchangani na kuanza. Hakuwa na chochote mkononi. Alivua pete ambayo haikuwepo. Alikagua gauni la hewa kwenye mwanga wa jua, akafunga shingoni, akafunga kiunoni. Alibana chuma cha pua, akapuliza. Alivaa miwani, kisha glavu, akavuta ncha zake juu ya mikono ya gauni. Akasimama wima. Aliinua mkono wa kushoto, akafinya, akashusha hadi kidevuni, akapumua, akarudisha. Kisha akavua vyote, akinawa kila mahali pa kunawa, hakuruka hata mahali pamoja. Mwishoni aliinama kidogo, akatoa mkanda wa chini, halafu wa juu, jinsi ninavyoinama mimi, na kichwa kimelalia upande kidogo kama changu.

Miaka yote hiyo alikuwa nazo hatua zote. Nilikuwa nimewahi kufundisha wauguzi wenye diploma waliosahau kabla chai haijapoa.

Nililia. Hakunibembeleza, na ingekuwa ajabu kama angefanya hivyo.

"Kazi sitaki," alisema aliporudi kwenye gunia, akipumua kwa shida. "Kifua haiwezi tena. Lakini ile barua, andika ingine hapa. Na uende usome Jumatatu, mahali ile ya kwanza ilisomwa. Mimi nitakuja."

"Niandike nini, mama?"

"Andika niliangalia."

Nilipindua bahasha ya kaki, nikaandika juu ya goti langu kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka kuisikia. Ilikuwa mistari minne. Nilijitaja jina na cheo, nikasema nilichofanya, nikasema mkono ulikuwa wangu. Mstari wa mwisho nilimsomea mara mbili hadi akaridhika.

Jumatatu alikuja amevaa gauni lake la kanisani, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Wengi walikuwa wapya na hawakumjua. Matroni wa zamani alikuwa bado yuko, akamwamkia kwa mikono yake yote miwili. Afisa tawala alikuwa ameniomba nifupishe. Nilisimama mbele na bahasha, nikasoma. Mstari wa kwanza ulipita, wa pili nao ukapita. Kwenye ule wa tatu, unaosema mkono ulikuwa wangu, sauti ilififia, na mtu mmoja katikati akasema hasikii.

Nikaona mkono wangu wa kushoto ukipanda. Sikuwa nimevaa barakoa siku hiyo, hakuna aliyekuwa amevaa. Ulifika kidevuni na kufinya hewa.

Kule nyuma, yule mama alikuwa ameukazia macho mkono wangu, kama alivyoukazia siku ile ya mvua, na hakuyaondoa mpaka nilipoushusha. Ndipo nikapaza sauti na kusoma mstari wa mwisho: "Mtumishi huyu aliangalia kila kitu nilichomwonyesha."